Hisa Zisizohama: Kwa Nini Sheria ya Ushindani Hutaka Taarifa Kabla ya Ununuzi

Oktoba 2021 wenye hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam walitangaziwa kwamba Scancem International, kampuni tanzu ya HeidelbergCement ya Ujerumani, imekubaliana kununua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement kutoka kwa AfriSam. Bei ilikuwa takribani shilingi bilioni 137. Mnunuzi hakuwa mgeni katika biashara ya saruji nchini. Scancem ilikuwa tayari mmiliki mkuu wa Tanzania Portland Cement, yenye kiwanda cha Wazo Hill kinachotengeneza saruji ya Twiga. Tanga Cement, yenye kiwanda Pongwe, hutengeneza Simba. Kwa anayejenga nyumba mikoa ya pwani, Twiga na Simba ni mifuko inayopangwa duka moja, na bei ya huu humzuia mwenye ule asipandishe atakavyo.

Mkataba ukasainiwa, bei ikajulikana, pande zote mbili zikawa tayari. Hata hivyo hisa hazikuhama. Tume ya Ushindani iliridhia kwa masharti Aprili 2022, wapinzani wa muungano huo wakakata rufaa, na Septemba mwaka huohuo Baraza la Ushindani likaifuta idhini. Likaja ombi jipya, ikaja idhini nyingine mwaka 2023, na ununuzi ukakamilika mwishoni mwa mwaka huo. Kwa miaka miwili hivi Tanga Cement ilibaki kampuni inayojitegemea, yenye bodi yake, mauzo yake na wateja wake.

Wengi walioifuatilia habari hiyo waliiona kama mvutano wa wafanyabiashara wakubwa. Mimi naona kilichostahili kuangaliwa zaidi ni utaratibu ulioufanya mvutano huo uwe na maana. Iwapo hisa zingehama Oktoba 2021, halafu mashauri yakaendelea hadi 2023, Baraza lingekuwa linaamua hatima ya kampuni ambayo haipo tena. Sheria ya Tanzania inasema ununuzi unaofikia kiwango fulani cha ukubwa ni lazima utaarifiwe kwa Tume kabla haujakamilishwa, na baada ya kutaarifiwa wahusika wasubiri. Mamia ya kurasa za sheria ya ushindani, duniani kote, zinasimama juu ya neno hilo moja, kabla. Ili kuelewa limetoka wapi, inabidi twende Marekani, kwenye mabomba ya gesi.

Sheria ya Clayton ya mwaka 1914, katika kifungu chake cha 7, ilikataza ununuzi wa kampuni unaoweza kupunguza sana ushindani. Mwaka 1950 Bunge la Marekani likaikaza ili ununuzi wa mali nao uguswe. Katazo lilikuwepo, na lilikuwa kali. Kilichokosekana ni wajibu wa mnunuzi kumwambia mtu yeyote serikalini kwamba ananunua. Wanasheria wa serikali walijifunza habari za miungano kwa kusoma magazeti kama wananchi wengine, na mara nyingi waliposoma, mambo yalikuwa yameshaisha.

El Paso Natural Gas ilikuwa kampuni pekee iliyoingiza California gesi kutoka nje ya jimbo hilo. Kaskazini kulikuwa na kampuni changa, Pacific Northwest Pipeline, iliyokuwa inatafuta njia ya kuingia soko hilo. Mwaka 1956 ilifikia makubaliano ya awali ya kuiuzia gesi Southern California Edison, shirika la umeme lililokuwa mteja mkubwa. El Paso ilipopata habari ikarudi mezani kwa Edison, ikakubali kushusha bei yake kutoka senti 40 hadi senti 30 kwa kila futi za ujazo elfu moja, na Edison ikabaki nayo. Pacific Northwest haikuuza hata futi moja ya gesi California. Kuwepo kwake tu, na kutishia kwake kuingia, kulishusha bei kwa robo.

Kufikia Mei 1957 El Paso ilikuwa imenunua karibu hisa zote za mshindani huyo. Serikali ilifungua kesi Julai mwaka huo. Kesi ikasimamishwa kusubiri uamuzi wa tume ya nishati, tume ikaridhia muungano Desemba 1959, na kabla mwaka haujaisha kampuni hizo mbili zikawa moja. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 1962 kwamba tume hiyo ilipaswa kusubiri kesi ya ushindani iishe kwanza, na mwaka 1964 ikahukumu kwamba ununuzi ule ulivunja sheria, ikaamuru kampuni zitenganishwe bila kuchelewa. Serikali ilikuwa imeshinda. Lakini kutenganisha kulihitaji kujua bomba lipi ni la nani, akiba ipi ya gesi iende wapi, mikataba ya wateja igawanywe vipi, na nani anunue kitakachotolewa. Mapendekezo ya mgawanyo yalibishaniwa, mwaka 1967 kesi ikarudi tena Mahakama Kuu kwa sababu mgawanyo uliopendekezwa ulikuwa dhaifu mno, na kampuni mpya iliyotokana na mgawanyo ilianza kujitegemea mwaka 1974. Ilichukua miaka 17 tangu hisa ziliponunuliwa. Watumiaji wa gesi wa California waliukosa ushindani wa Pacific Northwest muda wote huo, na hakuna aliyewafidia.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Watu huzoea kufikiri kwamba sheria hutoa adhabu baada ya kosa, na kwamba adhabu ikiwa kubwa ya kutosha kosa litapungua. Muungano wa kampuni haufuati mantiki hiyo. Baada ya miezi michache mnunuzi huwa amefunga ofisi moja ya mauzo, amewaachisha kazi mameneja wanaofanana, ameunganisha mifumo ya hesabu, ameona bei na orodha ya wateja ya mwenzake, na mafundi bora wa kampuni iliyonunuliwa wametafuta kazi kwingine. Maji yakimwagika hayazoleki. Hakimu anaweza kuamuru kampuni zigawanywe, lakini hawezi kuamuru mshindani wa jana afufuke akiwa na wateja wake, siri zake na hamu yake ya kupunguza bei.

Mwaka 1976 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayojulikana kwa majina ya waliodhamini muswada wake, maseneta Hart na Scott na mbunge Rodino. Haikuongeza katazo jipya. Kilichokatazwa tangu 1914 kilibaki kilekile. Ilichoongeza ni wajibu wa kutaarifu na kusubiri: anayetaka kununua kampuni kwa thamani iliyo juu ya kiwango fulani anapeleka taarifa kwa Wizara ya Sheria na kwa Tume ya Biashara ya Shirikisho, kisha anasubiri, kwa kawaida siku 30, asikamilishe ununuzi. Wachunguzi wakitaka nyaraka zaidi, muda wa kusubiri unaendelea hadi wapatiwe, na baada ya hapo wana muda mfupi wa kuamua kama waende mahakamani kuomba zuio. Kiwango cha thamani kilikuwa dola milioni 15 wakati sheria ilipoanza. Mwaka 2000 kilipandishwa hadi milioni 50 na kufungwa kwenye ukuaji wa uchumi, na kwa mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 126.4.

Kwa nini basi kuwe na kiwango? Kama hatari ni muungano uliokwisha kukamilika, kwa nini kila ununuzi usitaarifiwe? Jibu lake lipo karibu na kwetu. Tume ya Ushindani ya COMESA ilipoanza kazi Januari 2013, kiwango chake kilikuwa sifuri. Kila ununuzi uliogusa nchi mbili au zaidi za jumuiya hiyo ulipaswa kutaarifiwa hata kama kampuni zenyewe zilikuwa na mauzo kidogo sana, na ada ya kutaarifu ingeweza kufika dola 500,000. Kampuni za Nairobi na Lusaka zikajikuta zinadaiwa karatasi na fedha kwa miungano ambayo hakuna aliyeweza kueleza ingemdhuru nani. Wanasheria walilalamika, wengine wakatafuta tafsiri za kuwatoa wateja wao nje ya kanuni, na mwaka 2015 kanuni zikarekebishwa. Kiwango kikawekwa: mauzo au mali ya wahusika kwa pamoja yafike dola milioni 50, na angalau wawili kati yao kila mmoja awe na dola milioni 10 ndani ya soko la pamoja.

Kiwango, kwa hiyo, kinapunguza mzigo kwa pande mbili. Kinamwokoa mwenye maduka mawili ya dawa anayenunua la tatu, na kinaiokoa tume yenye wachumi wachache isimezwe na mafaili yasiyo na lolote ndani yake. Ili kazi hiyo ifanyike, kiwango ni lazima kiwe kitu ambacho mhasibu anaweza kukisoma kwenye hesabu za mwaka zilizokaguliwa bila kuuliza mtu: mauzo, mali, au bei ya ununuzi. Umoja wa Ulaya hutumia mauzo tu. Muungano unapelekwa Brussels pale mauzo ya dunia nzima ya wahusika wote yanapozidi euro bilioni 5 na angalau wawili wana mauzo ya zaidi ya euro milioni 250 kila mmoja ndani ya Umoja wa Ulaya, isipokuwa kama kila mmoja wao anapata zaidi ya theluthi mbili ya mauzo hayo ya Ulaya katika nchi moja ileile. Hesabu kama hiyo inafanyika kwa siku moja. Kuuliza kama muungano utapandisha bei huchukua miezi, na wataalamu wawili waaminifu wanaweza kutofautiana.

Tofauti hiyo kati ya ukubwa unaohesabika na madhara yanayopimwa ndiyo iliyopotea katika mazungumzo mengi ya saruji ya Tanga. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 ina mistari miwili. Mstari wa kwanza ni wa kutaarifu. Tume huuweka kwa amri inayotangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ulikuwa shilingi milioni 800, na amri ya mwaka 2017 ikaupandisha hadi shilingi bilioni 3.5 za mauzo au mali ya kampuni zinazoungana zikijumlishwa. Mstari wa pili ni wa hukumu. Kifungu cha 11 kinakataza muungano unaojenga au kuimarisha nafasi ya kutawala soko, na kwa sheria ilivyosomeka wakati ule, kigezo kimojawapo cha kutawala soko kilikuwa kushika zaidi ya asilimia 35 ya soko husika.

Anayevuka mstari wa kwanza hajashtakiwa kwa lolote. Shilingi bilioni 3.5 si fedha nyingi kwa kampuni ya kisasa, na miungano mingi inayovuka hapo huridhiwa bila sharti lolote. Kuvuka kunamaanisha kitu kimoja: mlete kwanza, tutazame. Anayevuka mstari wa pili ndiye mwenye kesi ya kujibu. Wachambuzi kadhaa waliandika kana kwamba kutaarifu kwenyewe ni dalili ya hatia, wengine kana kwamba idhini ya Tume ni ruhusa ya kibiashara inayotolewa au kunyimwa kwa hiari ya ofisa. Yote mawili ni makosa. Taarifa ni wajibu wa utaratibu, na uamuzi ni wa sheria, unaweza kukatiwa rufaa.

Tuifuate kesi hiyo hatua kwa hatua, maana inafundisha. Taarifa ikishapelekwa na kukamilika, sheria inazuia muungano kwa siku 14. Tume ikiona kuna la kuchunguza, inaweza kuongeza zuio kwa siku 90, na ikibidi siku 30 zaidi. Katika muda huo inauliza maswali ya msingi. Soko lenyewe ni lipi: saruji Tanzania nzima, au saruji ya kanda fulani, kwa kuwa mfuko wa kilo 50 ni mzito na nauli ya lori hula faida yake kadiri unavyosafiri mbali? Washindani waliobaki ni akina nani, na wanaweza kuongeza uzalishaji bei ikipanda? Saruji inatengenezwa kwa klinka. Je, mwenye kinu cha kusaga asiye na tanuru lake ataipata wapi klinka ikiwa wauzaji wawili wamekuwa mmoja? Mwishoni Tume iliridhia kwa masharti. Baraza likasema hapana, kwa hoja kwamba fungu la soko la wawili hao lingevuka asilimia 35 na kwa hiyo kifungu cha 11 kimevunjwa.

Uamuzi huo wa Baraza ulikuwa na nguvu kwa sababu hisa zilikuwa bado kwa AfriSam. Hapakuwa na mfanyakazi wa kurudishwa, mteja wa kugawanywa wala mashine ya kung'olewa. Wahusika walirudi na ombi jipya, na sheria inayo njia ya msamaha katika kifungu cha 13, ambapo muungano unaoingia kwenye katazo unaweza kuruhusiwa kwa faida kwa umma, au pale kampuni inayonunuliwa inapoelekea kufa na mnunuzi huyo ndiye njia yenye madhara madogo zaidi kwa ushindani. Tume iliridhia tena mwaka 2023, ubishi ukafika hadi bungeni, na ununuzi ukafanyika. Mwaka 2024 Scancem iliuza sehemu kubwa ya hisa hizo kwa Amsons, kundi la Kitanzania lenye saruji ya Camel na lililonunua pia Mbeya Cement. Mtu anaweza kuukubali uamuzi wa 2022 na kuukataa wa 2023, au kinyume chake. Hayo ni mabishano halali. Lakini yalikuwa mabishano juu ya kampuni iliyo hai, na hilo ndilo El Paso ilikosa.

Uingereza imeshika njia nyingine kwa miongo mingi. Huko hakuna wajibu wa jumla wa kutaarifu. Kampuni inaweza kununua nyingine na kukamilisha siku hiyohiyo, na mamlaka ya ushindani ikiona kuna tatizo inaweza kuanzisha uchunguzi hata baada ya ununuzi, ndani ya miezi minne tangu habari itangazwe. Wanaoitetea wanasema inaacha biashara nyingi zisizo na madhara zipite bila gharama, na mnunuzi mwenye mashaka atakuja mwenyewe kwa hofu ya kuvunjiwa baadaye.

Kwa kampuni za kawaida hoja hiyo ina uzito. Kwa kampuni yenye fedha za kutosha kubeba hatari, inapungua. Mei 2020 Facebook iliinunua Giphy, kampuni ya picha fupi zinazocheza ambazo watu hutumiana kwenye simu. Bei iliyoripotiwa ilikuwa dola milioni 400. Ununuzi ulikamilika mara moja. Mwezi uliofuata mamlaka ya Uingereza ilitoa amri kwamba biashara hizo mbili zishikwe mbalimbali wakati inachunguza, na hapo ndipo ugumu ulipoanza, kwa maana sasa mmiliki mmoja alikuwa na kampuni mbili na aliambiwa ajifanye anayo moja. Oktoba 2021 mamlaka iliitoza Facebook faini ya pauni milioni 50.5 kwa kuivunja amri hiyo, hasa kwa kukataa kutoa taarifa zilizotakiwa kuonyesha inaifuata. Mwezi uliofuata ikaamuru Giphy iuzwe. Rufaa ikaenda, sehemu ndogo ya uamuzi ikarudishwa kuangaliwa upya, na Oktoba 2022 amri ya kuuza ikathibitishwa. Mei 2023 ikatangazwa kwamba Shutterstock imeinunua Giphy kwa dola milioni 53.

Linganisha bei hizo mbili. Siwezi kusema tofauti yote ilitokana na kesi, kwa sababu soko la teknolojia nalo lilibadilika. Lakini kampuni iliyokaa miaka mitatu bila kujua ni ya nani haiwezi kutoka ikiwa mshindani yuleyule. Waingereza walikuwa na sheria nzuri, wachunguzi hodari na ujasiri wa kuiamuru kampuni kubwa kuliko nyingi duniani, na bado walichoweza kukirudisha sokoni kilikuwa kimepungua. Kwa nchi ambazo tume zake zina bajeti ndogo na ambazo mnunuzi anaweza kuwa ameandikishwa Mauritius na kuongozwa kutoka Frankfurt au Johannesburg, sioni namna njia ya Kiingereza ingefaa. Mamlaka ambayo haiwezi kukimbizana na mnunuzi baada ya tukio inahitaji mnunuzi aje kwake kabla.

Kenya imelifikiria neno kabla kwa undani ambao sijauona kwingi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inasema muungano uliotekelezwa bila idhini hauna nguvu kisheria, na anayeutekeleza anaweza kufungwa hadi miaka mitano au kutozwa faini, na mamlaka inaweza kumtoza hadi asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka uliotangulia. Lakini kutekeleza ni nini? Je, aliyelipa fedha yote lakini hajabadilisha jina la mwenye hisa ametekeleza? Kifungu cha 42 kinajibu: kulipa bei yote kunahesabiwa ni kutekeleza, ila malipo ya awali yasiyozidi asilimia 20 ya bei yaliyokubaliwa hayahesabiwi. Aliyeandika hivyo alijua biashara za hapa. Alijua muuzaji anataka kuona uzito wa mnunuzi, na alijua pia kwamba muuzaji aliyekwisha kulipwa yote hana tena sababu ya kuilinda kampuni yake. Mlinzi wa kweli wa kampuni katika kipindi cha kusubiri ni mmiliki wa sasa ambaye bado anaweza kubaki nayo.

Ndiyo maana kosa lililo gumu kugundua si kununua kwa siri. Ni kusubiri kwa karatasi huku mambo yakiendelea kwa vitendo. Mwaka 2021 XCL Resources na mwenzake Verdun, kampuni za mafuta za Marekani, zilikubaliana kuinunua EP Energy. Walitaarifu kama sheria inavyotaka. Lakini mkataba wao uliwapa wanunuzi sauti ya papo hapo katika shughuli za muuzaji. EP ilisimamisha uchimbaji wa visima vipya ilivyokuwa imepanga, kwa matakwa ya mnunuzi, wakati mafuta yalikuwa adimu na bei iko juu. Visima viliposimama EP ikapungukiwa mafuta ya kuwapa wateja wake, na XCL ikaingia kuratibu namna ya kuwahudumia. Hapo hakuna hisa iliyokuwa imehama. Mamlaka zilisema umiliki wa kweli umeshahama, na Januari 2025 wahusika wakakubali kulipa dola milioni 5.6, kiasi kikubwa kuliko chochote kilichowahi kutozwa Marekani kwa kosa la aina hiyo.

Wakili anayemshauri mnunuzi wa Afrika Mashariki anaweza kuisoma kesi hiyo kama orodha ya maonyo. Mnunuzi ana haki ya kutaka muuzaji asiuze mashine, asikope mkopo mkubwa usio wa kawaida, asitoe gawio la kumaliza hazina. Hayo yanalinda thamani ya anachonunua. Akianza kuidhinisha bei za kila wiki, kuchagua wateja, kuajiri na kuachisha, au kupokea orodha ya punguzo ambalo mshindani anampa kila msambazaji, ameshavuka. Dalili huonekana kwenye barua pepe kabla ya kuonekana sokoni: meneja wa mauzo wa kampuni moja anaomba ruhusa kwa meneja wa nyingine.

Kiwango nacho kina udhaifu wake, na ni haki kuusema. Mauzo hupima biashara ilipofika, hayapimi inakoelekea. Facebook iliponunua WhatsApp mwaka 2014 kwa dola bilioni 19, WhatsApp ilikuwa na mamia ya mamilioni ya watumiaji na mauzo madogo, hata haikufikia kiwango cha mauzo cha Umoja wa Ulaya. Ilifika Brussels kwa njia ya pembeni, kwa kuwa ingeweza kuchunguzwa chini ya sheria za nchi tatu wanachama. Ujerumani na Austria zilijifunza, na mwaka 2017 zikaongeza kiwango cha thamani ya ununuzi: euro milioni 400 Ujerumani, euro milioni 200 Austria. Pacific Northwest nayo haikuwa na mauzo yoyote California ilipomezwa. Tanzania na Kenya, ambako huduma za fedha kwa simu zinaanza ndogo na kukua kwa kasi, zina sababu ya kuweka kigezo cha bei ya ununuzi kando ya mauzo na mali. Mnunuzi anayelipa mabilioni kwa kampuni isiyouza kitu anajua kitu kuhusu kesho, na inafaa tume nayo ikijue kabla hajalipa.

Upande wa pili ni wingi wa milango. Kwa miaka mingi COMESA ilitaka itaarifiwe ndani ya siku 30 tangu wahusika waamue kuungana, ila haikuwazuia kukamilisha wakati inachunguza, mtindo uliokaribia udhaifu ule wa Kiingereza. Mwishoni mwa 2025 ilipitisha kanuni mpya zinazotaka wasubiri. Tangu tarehe 1 Novemba 2025 Mamlaka ya Ushindani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao Arusha, nayo inapokea taarifa za miungano inayogusa angalau nchi mbili wanachama, kwa kiwango cha dola milioni 35 za mauzo au mali kwa pamoja. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo katika jumuiya zote mbili. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Mnunuzi mmoja asidaiwe taarifa ileile kwa COMESA kule Lilongwe, Arusha na Nairobi kwa wakati mmoja. Wakuu wa jumuiya hizi wasipoamua haraka mlango upi ni wa nani, wafanyabiashara watarudi kwenye malalamiko ya 2013, na safari hii watakuwa na haki zaidi.

Kuna upande ambao ukimya wake unanisumbua. Tume inapopokea taarifa ya muungano mkubwa hutangaza na kuomba maoni. Wanaojibu huwa washindani na mawakili wao. Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, vyama vya makandarasi wadogo, wasambazaji, wakulima wanaokiuzia kiwanda kinachonunuliwa, ndio wanaojua bei ilivyoshuka siku mshindani alipofungua ghala mjini kwao, na ni nadra kuandika. Kipindi cha kusubiri kiliwekwa ili mambo kama hayo yasikike kungali na nafasi ya kuyatumia. Tangazo la muungano likitoka, na wewe ni mteja wa kampuni hizo mbili, andika barua moja kwa Tume: unanunua kwa nani, kwa bei gani, na mmoja wao akiondoka utakwenda kwa nani. Iandike mapema, kabla hisa hazijahama.